Mzunguko wa fedha ni siku 47.5: tunabanwa na wadaiwa au na stoki? (Malindi, hesabu za 2023)

#1 · MizaniMalindi

Salaam jamaa. Natayarisha hesabu za duka moja la jumla hapa Malindi. Linauza mchele, sukari, mafuta ya kupikia, unga na sabuni. Wateja ni hoteli na nyumba za wageni za upande wa Casuarina, pamoja na maduka madogo ya Gede na Mambrui. Mali yote yatoka Mombasa. Mwaka wa hesabu unafungwa 31 Desemba.

Mauzo ya 2023 ni shilingi 36,500,000 na gharama ya mali iliyouzwa ni 29,200,000. Tarakimu nimezisawazisha kidogo ili zisomeke: kwa siku ni mauzo 100,000 na gharama 80,000. Masalio ni haya, kwa milioni:

```
            1 Jan   31 Des   wastani
Stoki        2.4     2.8      2.6
Wadaiwa      3.3     3.7      3.5
Wadai        1.5     1.7      1.6
```

Stoki 2.6m kwa 80,000 ni siku 32.5. Wadaiwa 3.5m kwa 100,000 ni siku 35. Wadai 1.6m kwa 80,000 ni siku 20. Jumlisha mbili za kwanza, toa ya tatu: tangu kulipia mali hadi pesa kurudi ni siku 47.5, ndio mzunguko.

Mwenye duka kaona hiyo 35 ndiyo kubwa kuliko zote, na keshaandika barua za kupunguza muda wa mkopo wa hoteli kutoka siku 30 hadi 14. Barua bado ziko kwangu. Zitoke au zisitoke?

#2 · Kijana wa Kisumu Ndogo

Umegawa vibaya, bwana Mizani. Wadaiwa huwezi kuwagawa kwa mauzo yote, kwa sababu aliyelipa taslimu au kwa M-Pesa hakuwahi kuwa mdaiwa. Gawa kwa mauzo ya mkopo peke yake. Mkopo ni asilimia ngapi ya mauzo?

#3 · MizaniMalindi

Karibu asilimia 60.

#4 · Kijana wa Kisumu Ndogo

Basi mkopo ni 60,000 kwa siku. 3.5m gawa kwa 60,000 ni siku 58. Weka hiyo kwenye mzunguko upate karibu siku 71. Hali ni mbaya kuliko unavyomwambia tajiri wako. Barua zitoke leo.

#5 · Mkaguzi Mstaafu

Kijana, ulipoanza ulikuwa sawa, ulipojumlisha ukapotea.

Siku 58 ni kweli kwa mteja wa mkopo. Ukitaka kujua hoteli zinakaa na pesa yenu muda gani, hiyo ndiyo tarakimu ya kutazama, na kwa masharti ya siku 30 inatisha. Lakini mzunguko ni wa duka zima, na katika kila shilingi mia ya mauzo kuna arubaini zinazoingia siku hiyo hiyo, yaani siku sifuri. Chukua 58.3 mara 0.6, ongeza sifuri mara 0.4, unarudi kwenye 35. Ukiingiza 58 kwenye jumla ni kama kusema duka halina mteja wa taslimu hata mmoja.

Sasa nije kwako Mizani. Hesabu yako ya kugawa haina kasoro. Kasoro iko kwenye tarehe. Duka linaloishi kwa hoteli za Malindi, ukilipiga picha 31 Desemba na 1 Januari, umelipiga picha moja mara mbili, tena katika wiki isiyofanana na nyingine yoyote ya mwaka. Wageni wamejaa, ghala limetoka kukombwa, na mali ya sikukuu imeshafika hotelini lakini ankara zake hazijafika siku ya kulipwa. Tuletee masalio ya 31 Machi, 30 Juni na 30 Septemba, na mauzo ya kila robo. Leja si inayo?

#6 · Chachu ya Mahamri

Mkaguzi kaingia, ficheni vitabu 😂

#7 · Nahodha wa Mokowe

Mimi niko huku Amu, duka la vifaa vya ujenzi. Sisi hatuna mambo ya wadai. Saruji na mabati twalipa Mombasa kabla lori halijapakia, kisha mzigo waja Mokowe, washushwa, wapakiwa kwenye boti kuvuka hadi Langoni. Basi wadai wetu ni sifuri, na kwa hesabu hii nyinyi mnayofanya sisi hatuna mzunguko. Au vipi?

#8 · Bint Shela

Kaka Nahodha, ni kinyume chake. Wadai ndicho kitu pekee kinachopunguzwa kwenye hesabu. Kikiwa sifuri hakuna cha kupunguza, na mzunguko wako unabaki mrefu kama ulivyo.

Tena kwako unazidi kurefuka. Pesa uliyotuma Mombasa kabla ya kupata mzigo haiko benki na haiko ghalani. Iko kwenye salio la malipo ya awali, na wengi huliacha nje kwa sababu halina jina katika zile tatu. Liongeze kama unavyoongeza stoki. Tuseme gharama ya mauzo yako ni 50,000 kwa siku na kwa wastani una 300,000 mikononi mwa wauzaji: hizo ni siku 6 juu ya mzunguko.

Na mzigo ulioko gatini Mokowe uangalie sana mwisho wa mwezi. Kwa anayenunua kwa mkopo, ankara huandikwa siku lori linapoondoka Mombasa, lakini stoki huhesabiwa iliyoko dukani tu. Hapo wadai wamepanda na stoki haijapanda, mzunguko unaonekana mfupi bila sababu. Namna ya kugundua ni rahisi: chukua hati za kupokelea mzigo za siku tano za mwanzo wa mwezi, uzilinganishe na tarehe za ankara. Ankara ya mwezi uliopita yenye mzigo wa mwezi huu, ongeza mzigo wake kwenye stoki.

#9 · Nahodha wa Mokowe

Na kusi likichafuka boti zikingoja siku mbili tatu?

#10 · Bint Shela

Ni mali yako tangu ulipoilipa. Bahari ichafuke isichafuke, ihesabu.

#11 · MizaniMalindi

Ahsante mzee Mkaguzi. Haya hapa, kwa milioni:

```
            31 Des  31 Mac  30 Jun  30 Sep  31 Des
Stoki        2.4     2.9     3.3     4.0     2.8
Wadaiwa      3.3     3.1     1.8     2.0     3.7
Wadai        1.5     1.2     0.9     1.9     1.7
```

Mauzo kwa robo: Januari hadi Machi 11.0, Aprili hadi Juni 5.4, Julai hadi Septemba 8.5, Oktoba hadi Desemba 11.6.

#12 · Mkaguzi Mstaafu

Sasa tunaanza kuona kitu.

Wastani wa masalio matano hautoki kwa kujumlisha na kugawa kwa tano. Salio la kwanza na la mwisho ni kingo za mwaka, kila moja lichukuliwe nusu, ya kati yachukuliwe mazima, kisha ugawe kwa nne kwa sababu robo ni nne. Kwenye Eksel, kama stoki iko B2 hadi F2:

```
=(B2/2+SUM(C2:E2)+F2/2)/4
```

Stoki inatoka 3.2m, yaani siku 40. Wadaiwa 2.6m, siku 26. Wadai 1.4m, siku 17.5. Mzunguko: 40 na 26 ni 66, toa 17.5, siku 48.5.

Tazama kilichotokea. Jumla imesogea siku moja tu, kutoka 47.5 hadi 48.5. Mtu anayesoma mstari wa mwisho peke yake atasema masalio ya Desemba yalitosha. Lakini ndani yake kila kitu kimehama: stoki imetoka 32.5 ikaenda 40, wadaiwa wametoka 35 wakaja 26. Picha ya Desemba ilipunguza stoki na kunenepesha wadaiwa kwa kiasi kinachokaribiana, makosa mawili yakafutana kwenye jumla. Tajiri wako aliisoma ile 35 na kuandika barua. Angesoma hii angekwenda ghalani kwanza.

#13 · Kijana wa Kisumu Ndogo

Mimi nimegawa kwa tano nikapata 48.3. Tofauti ni siku 0.2. Hiyo nusu nusu ni mapambo.

#14 · Mkaguzi Mstaafu

Unatazama jumla tena. Kwa tano, stoki ni 38.5 na wadaiwa 27.8. Desemba imeingia mara mbili, kwa hivyo imevuta kuelekea kosa lile lile, ila kwa nguvu ndogo. Kwa duka lisilo na msimu tumia tano ukipenda.

#15 · Bint Shela

Mzee, nakubaliana na wewe kuhusu tarehe, lakini sikubali kwamba wadaiwa wamesafishika. Sote tumegawa kwa 100,000 za mwaka mzima, na hakuna robo iliyouza 100,000 kwa siku. Aprili hadi Juni mvua zimeshika, hoteli kadhaa zimefunga, na duka liliuza 5.4m kwa siku 91, yaani kama 59,300 kwa siku. Gawa wadaiwa wa kila tarehe kwa mauzo ya robo iliyotangulia uone:

31 Machi siku 25. 30 Juni siku 30. 30 Septemba siku 22. 31 Desemba siku 29.

Kwa kigawanyo cha mwaka, Juni ilionekana siku 18 na Desemba siku 37, moja ndogo mno na nyingine ya kutisha. Kwa kigawanyo cha robo zinalingana, na Juni ndiyo iliyozidi. Salio la Juni ni nusu ya la Desemba, ndiyo maana hakuna anayelitilia shaka, lakini pesa ya Juni inachelewa zaidi. Kwa hiyo barua zina msingi, ila zimelengwa msimu usio wake.

#16 · Chachu ya Mahamri

Kwa mtindo huo huo, stoki ya Juni je? Gharama ya robo hiyo ni asilimia 80 ya 5.4m, yaani 4.32m, kwa siku ni 47,500. 3.3m kwa 47,500 ni siku 69! Wallahi duka limegeuka ghala.

#17 · Mkaguzi Mstaafu

Chachu, leo umekuja na kikokotoo. Lakini hapo ngoja.

Mdaiwa ni mabaki ya mauzo yaliyopita, kwa hivyo unamgawa kwa mauzo ya nyuma. Bint Shela yuko sawa. Stoki haikununuliwa kwa ajili ya wiki zilizopita, imenunuliwa kwa zinazokuja. Stoki ya 30 Juni itauzwa Julai na Agosti. Igawe kwa gharama ya robo inayofuata: 8.5m mara 0.8 ni 6.8m, kwa siku 92 ni kama 73,900. 3.3m inakuwa siku 45, si 69. Septemba vivyo hivyo: 4.0m kwa gharama ya robo ya mwisho, 100,900 kwa siku, ni siku 40.

Siku 45 na 40 bado ni nyingi kwa duka lililo umbali wa saa mbili tatu za lori kutoka kwa muuzaji wake. Nahodha wa Amu ana sababu ya kuweka mali nyingi, ana barabara ndefu na bahari mbele yake. Mfanyabiashara wa Malindi anayeweza kupiga simu asubuhi na kupokea mzigo kesho yake, siku 40 za mchele na sabuni zinangoja nini?

#18 · Nahodha wa Mokowe

Zinangoja bei ipande, nini kingine.

#19 · Sanduku la Mkoko

Umesema kwa utani lakini ni hoja. Hizi ni hesabu za 2023. Mwaka ule sukari ilipanda vibaya, na Julai viwanda vya huko magharibi vilisimamishwa kusaga miwa. Kama sukari ni sehemu kubwa ya ghala, stoki inaweza kutoka 2.9m Machi ikafika 4.0m Septemba bila mfuko mmoja kuongezeka. Juu ya hayo, duka linalotoa mali ya zamani kwanza linaandika gharama ya mauzo kwa bei ya zamani huku rafuni kumebaki mali ya bei mpya. Juu ya mstari kuna bei mpya, chini kuna bei ya zamani, siku zinarefuka zenyewe.

Usiseme ghala limejaa kabla hujahesabu mifuko. Tengeneza safu mbili, kilo na shilingi, kwa bidhaa kumi kubwa. Kilo zikiwa zile zile, hiyo si stoki iliyolala, ni bei.

#20 · Mkaguzi Mstaafu

Hoja nzuri kwa sukari. Kwa sabuni na mchele nahitaji kushawishiwa zaidi. Tena hata kama ni bei, shilingi zilizotoka benki kununua mfuko wa bei mpya ni zaidi kweli. Mkoba haujui sababu.

#21 · Sanduku la Mkoko

Mkoba haujui, lakini dawa ni tofauti. Mwenye mali iliyolala anapunguza oda. Mwenye sukari iliyopanda akipunguza oda anakosa mali ya kuuza Desemba.

#22 · MizaniMalindi

Stoki ya Machi na Septemba haikuhesabiwa kwa mkono. Mfumo ulichukua stoki ya mwanzo, ukaongeza manunuzi, ukatoa asilimia 80 ya mauzo. Juni na Desemba ndizo zilizohesabiwa rafuni.

#23 · Bint Shela

Ungesema hilo mapema! Basi Septemba 4.0m ni makadirio. Kama sehemu ya mauzo ya robo ya tatu yalikwenda kwa bei ya chini kwa hoteli kubwa, faida haikuwa 20 kwa mia bali labda 16, na gharama halisi ni asilimia 84. Asilimia 4 ya 8.5m ni 340,000. Stoki halisi ya Septemba ingekuwa karibu 3.66m na si 4.0m. Mchele uliomwagika na mafuta yaliyovuja pia hayaonekani humo. Makadirio ya namna hiyo kwa kawaida huongopa kwa upande mmoja, yanaonyesha mali ambayo haipo.

#24 · Kijana wa Kisumu Ndogo

Kwa hiyo zile siku 40 za stoki mlizomtangazia mtu wa watu nazo zimejengwa juu ya makadirio 😏

#25 · Mkaguzi Mstaafu

Nusu yake. Toa 340,000 kwenye Septemba: jumla ya Eksel inashuka kutoka 12.8m hadi 12.46m, wastani unakuwa 3.115m, siku 39. Ukigusa na Machi utapoteza nyingine kidogo. Haurudi 32.5. Juni ilihesabiwa kwa mkono na inasema 3.3m, tena wakati duka halina wateja. Hiyo peke yake inatosha kuuliza maswali.

#26 · Chachu ya Mahamri

Swali la kijinga: siku 48.5 ni nzuri au mbaya? Nimesikia maduka makubwa ya vyakula yana mzunguko wa chini ya sifuri.

#27 · Bint Shela

Hao wanauza kila kitu taslimu na kulipa wauzaji baadaye. Duka linalokopesha hoteli halilingani nao. Lilinganishe na lenyewe mwaka uliopita, kwa tarehe zile zile.

#28 · Kijana wa Kisumu Ndogo

Haya, tajiri anataka kujua pesa ngapi zimelala. Siku 48.5 mara mauzo ya 100,000 ni 4.85m. Hiyo ndiyo apeleke benki kuombea ovadrafti.

#29 · Mkaguzi Mstaafu

Hapana. Siku hizo hazina shilingi ya aina moja. Stoki na wadai viko kwa bei ya kununulia, wadaiwa wako kwa bei ya kuuzia. Ukijumlisha masalio yenyewe, 3.2 na 2.6 toa 1.4, ni 4.4m. Lakini ndani ya 2.6m za wadaiwa kuna faida ambayo duka halijawahi kuitoa mfukoni. Kwa gharama, wadaiwa ni 2.08m, na pesa halisi iliyotoka ni 3.88m. Ndiyo sawa na 48.5 mara 80,000. Ukizidisha siku za mzunguko kwa shilingi, tumia ya gharama.

Na hata hiyo usipeleke benki. Ni wastani, na ovadrafti haiombwi kwa wastani. Mizani, salio la 30 Novemba likoje?

#30 · MizaniMalindi

Stoki 5.2m, wadaiwa 2.6m, wadai 2.3m.

#31 · Mkaguzi Mstaafu

Hiyo ni 5.5m kwa vitabu, na wadaiwa wakishushwa hadi gharama ni 4.98m. Zaidi ya milioni moja juu ya wastani, na hakuna tarehe hata moja kati ya zile tano iliyoiona. Robo zinaruka kilele, kwa sababu kilele cha duka la hoteli hapa ni wiki za mwisho za Novemba, mali imeshafika na wageni bado. Kwa mzunguko, robo zinatosha. Kwa ovadrafti chukua miezi 12 yote.

#32 · Sanduku la Mkoko

Mmesahau VAT. Mauzo yako kwenye hesabu ya faida hayana VAT, lakini salio la hoteli kwenye leja linayo. Unagawa chenye kodi kwa kisicho na kodi. Kwa mali ya asilimia 16 kila 1,160 unayodai, 160 si mauzo. Unga wa mahindi hauna, sukari na sabuni zinayo, kwa hivyo usikate wote kwa 1.16.

#33 · MizaniMalindi

Nimeangalia. Katika 2.6m za wadaiwa, 1.16m ni za mali yenye VAT. Katika 1.4m za wadai, 0.58m.

#34 · Sanduku la Mkoko

Toa 160,000 kwa wadaiwa: siku 24.4. Toa 80,000 kwa wadai: siku 16.5. Mzunguko unashuka siku 0.6 tu, kwa sababu kodi iko pande zote mbili. Duka la Nahodha, ambalo saruji na mabati yote yana VAT na halina wadai, lingeona tofauti kubwa zaidi.

#35 · Bint Shela

Kwa kipimo sawa, itoe. Kwa mfuko, usiitoe. KRA wanataka VAT ya mwezi kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, hoteli ilipe isilipe. Ukikopesha hoteli siku 58 umetanguliza kodi yake kutoka kwako. Hiyo ni pesa iliyolala vile vile, ila iko kwenye akaunti nyingine.

#36 · MizaniMalindi

Turudi kwenye barua. Naona watu watatu na majibu matatu.

#37 · Bint Shela

Langu: zitoke, lakini kwa hoteli zinazofunga msimu wa mvua, na zitoke Februari. Lipeni kabla hamjafunga. Siku 30 za Juni zinatokana na wao kuondoka na salio.

#38 · Kijana wa Kisumu Ndogo

Au si hoteli kabisa. Msimu wa mvua wanaonunua taslimu hupungua kuliko wa mkopo. Kama mkopo ulipanda kutoka 60 hadi 75 kwa mia robo ile, siku 30 za mauzo yote ni siku 40 tu za mkopo. Na siku 25 za Machi, kwa mkopo wa 60, ni siku 42. Hakuna hoteli iliyochelewa kuliko kawaida yake, mchanganyiko umebadilika.

#39 · Mkaguzi Mstaafu

Hiyo naikubali kama inawezekana. Sasa umefikiri, kijana. Au katika ile 1.8m kuna deni la zamani la mteja aliyefunga biashara, limekaa mwaka mzima na halitalipwa. Deni la 300,000 ndani ya 3.7m hulioni, ndani ya 1.8m ni sehemu ya sita. Barua hailifufui. Panga wadaiwa wa Juni kwa umri wa ankara: siku 0 hadi 30, 31 hadi 60, 61 hadi 90, na zaidi ya hapo. Salio likiwa limejaa kwenye safu ya mwisho, ni langu. Likiwa 31 hadi 60, ni la Bint Shela. Likiwa limejaa la kwanza, ni la kijana.

#40 · Sanduku la Mkoko

Na wadai je? Siku 17.5 mbona chache? Muuzaji wa sabuni wa Mombasa anatoa 21.

#41 · MizaniMalindi

Anatoa punguzo la asilimia 1 ukilipa siku ya mzigo. Tajiri hulichukua kila mara.

#42 · Sanduku la Mkoko

Basi akiliacha na kungoja siku ya 21 atakuwa anakopa kwa bei hii: 1 gawa kwa 99, mara 365 gawa kwa 21, karibu asilimia 17.6 kwa mwaka. Ovadrafti yake ikiwa chini ya hapo, aendelee kuchukua punguzo na auache mzunguko urefuke. Ikiwa juu, angoje siku ya 21. Huo ni mfano wa mzunguko mrefu usio na kosa.

#43 · Nahodha wa Mokowe

Mombasa kuna mtu anatoa siku 21? Nitumie jina lake faraghani.

#44 · MizaniMalindi

Nahodha, yeye anauza sabuni, wewe unauza saruji 😂

Wadaiwa wa Juni kwa umri nimeanza kuwatoa. Ankara nyingi za hoteli zimelipwa kwa mkupuo bila kuonyesha ni ankara gani, kwa hiyo mfumo umekata za zamani kwanza. Umri huo nitauamini?

#45 · Mkaguzi Mstaafu

Hapana, sio bado. Omba kila hoteli taarifa ya akaunti yenu kwenye vitabu vyao, ulinganishe ankara kwa ankara. Hoteli ikiwa na ankara mnayogombania, huiacha bila kulipa na kulipa za mbele yake, na mfumo wako unaonyesha imelipwa. Anza na tano kubwa.

#46 · Kijana wa Kisumu Ndogo

Na ulete asilimia ya mkopo ya robo ya pili. Nina dau la mahamri na Chachu.

#47 · Chachu ya Mahamri

Sikuweka dau lolote.